Saa Moja Isiyo na Mlango

Kuna sentensi ambayo mama anayerudi kazini baada ya likizo ya uzazi hapa Bujumbura ama ameshaisikia, ama ataisikia: "Una saa yako moja ya kunyonyesha, itumie." Husemwa kwa upole, na msemaji huondoka akiamini kwamba ametimiza wajibu wake. Mimi nasema sentensi hiyo ni ya kijanja. Mtu anayepewa saa bila kuonyeshwa mahali pa kuitumia hajapewa kitu. Nitajaribu kulieleza jambo hili kwa dakika na mililita, kwa sababu mijadala yetu juu yake huendeshwa kwa maneno makubwa kuhusu heshima ya mama, na maneno hayo hayajampatia mama yeyote kiti cha kukalia.

Kwanza tujue saa hii imetoka wapi. Mwaka 1919 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wake wa tatu, unaohusu ulinzi wa uzazi, na humo ikaandikwa kwamba mama anayenyonyesha apewe nusu saa mara mbili kwa siku wakati wa kazi. Nusu saa mbili ni saa moja, na tangu wakati huo sheria za kazi za nchi nyingi zimekuwa zikiirithi saa hiyo, ya kwetu ikiwa mojawapo. Fikra yake ilikuwa kwamba mtoto yuko karibu: mama anatoka, ananyonyesha, anarudi kwenye mashine. Mwaka 2000 shirika hilohilo lilipitisha mkataba mpya, namba 183, unaosisitiza kwamba muda wa kunyonyesha uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi na ulipwe. Lakini ukitafuta humo chumba cha kunyonyeshea, hukioni. Chumba kimewekwa kwenye waraka mwingine wa mwaka uleule, Pendekezo namba 191, linalosema kwamba pale inapowezekana pawepo na mahali safi pa kunyonyeshea, kazini au karibu na kazi. Tofauti kati ya mkataba na pendekezo si ndogo. Nchi inayoridhia mkataba inafungwa nao, ilhali pendekezo halimfungi mtu. Kwa hiyo tangu huko juu kabisa muda umewekwa upande wa lazima na mahali pakawekwa upande wa hiari. Shefu wa ofisi ndogo hapa mjini anayesema "una saa yako" bila kusema "na chumba ni kile pale" anarudia mgawanyo huo, hata kama hajawahi kusikia habari za mikataba.

Sasa tuje Mutanga Nord, mtaa ambao sisi wanafunzi tunaufahamu kwa sababu ya ujirani na kampasi. Msomaji asiyeufika auwazie hivi: nyumba zenye uzio mrefu, lango la chuma, mlinzi ndani ya lango, mwembe au parachichi uani, na nyuma ya nyumba kubwa kuna kijumba cha vyumba viwili vitatu kilichojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa nyumbani. Nyingi za nyumba hizo bado ni makazi. Nyingine zimepangishwa kwa mashirika, kliniki, shule za watoto na kampuni, kibao kikapigiliwa ukutani na sebule ikageuzwa mapokezi. Msomaji aziweke kumbukumbuni nyumba hizi, nitazirudia.

Dada yangu mkubwa ni karani katika mojawapo ya ofisi za namna hiyo. Sitaitaja. Anaishi Kanyosha, kusini kabisa mwa jiji. Alipumzika wiki mbili kabla ya kujifungua, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba, na likizo ilipokwisha mtoto alikuwa na wiki kumi. Wiki kumi ni mtoto asiyejua kukaa, mwenye chakula kimoja tu duniani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita, bila maji, bila uji, bila chochote. Basi kati ya siku ya dada kurudi kazini na siku hiyo ya miezi sita kulikuwa na wiki kumi na sita. Wiki hizo kumi na sita ndizo ninazozizungumzia. Habari za watoto wa mwaka mmoja na kuendelea ni mjadala mwingine, na wenye kupinga hupenda kuuchanganya na huu ili kuonyesha kwamba tunadai mambo yasiyo na mwisho.

Siku yake ilikuwa hivi. Ananyonyesha saa kumi na mbili asubuhi na kutoka nyumbani dakika kumi baadaye. Hakuna basi la moja kwa moja kutoka Kanyosha hadi Mutanga Nord. Unapanda la kwanza hadi mjini, unapanga foleni, unapanda la pili, kisha unatembea. Kazi inaanza saa moja na nusu. Saa sita ofisi inafungwa kwa mapumziko, saa nane inafunguliwa tena, na saa kumi na moja na nusu ndiyo kwaheri. Kufika nyumbani ni saa moja ya usiku, siku ya bahati. Tangu alipomnyonyesha mtoto alfajiri mpaka anapomshika tena zimepita saa kumi na tatu.

Aliporudi kazini shefu wake alimwambia ile sentensi. Dada akauliza, kwa adabu, kama anaweza kuitumia saa hiyo kwenda nyumbani. Akajibiwa kwamba saa ni yake, aitumie atakavyo. Tufanye hesabu. Kutoka langoni mpaka barabara ya basi ni dakika kumi. Kungoja basi, katika miaka hii ya uhaba wa mafuta ya gari, kunaweza kuwa dakika kumi na kunaweza kuwa saa nzima. Tuseme dakika ishirini, kwa ukarimu. Kufika mjini dakika kumi na tano. Hapo zimekwisha dakika arobaini na tano, naye bado yuko mjini, kwenye foleni ya pili. Zikitimia dakika sitini amekaa kwenye basi la Kanyosha lisilojaa bado. Muda wa kurudi kazini umefika kabla hajamwona mtoto.

Akajaribu kuiunganisha saa hiyo na mapumziko ya mchana: atoke saa tano, arudi saa nane. Hapo aliweza kufika, kumnyonyesha mtoto mara moja, kula amesimama na kugeuza. Kwa wiki mbili alilipa nauli ya mabasi manane kwa siku badala ya manne. Wiki ya tatu mafuta yakaadimika zaidi, akachelewa siku mbili mfululizo, akapewa barua ya onyo. Barua haikutaja kunyonyesha popote. Ilisema "utoro wa mara kwa mara". Wasomaji wa lugha watanielewa nikisema kwamba huo ni mfano mzuri wa neno linalosema kweli kidogo ili lifiche kweli kubwa.

Baada ya barua ile alibaki kazini mchana kutwa, na ndipo tulipojifunza nyumbani kwetu kwamba titi halijui sheria ya kazi.

Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Titi likinyonywa au kukamuliwa, mwili unapata habari kwamba yanahitajika mengine. Titi likijaa na kuachwa limejaa, ndani ya maziwa yenyewe kuna kinachoiambia titi ipunguze kasi. Saa chache siku moja si kitu. Lakini saa kumi na tatu kila siku, siku tano kwa wiki, ni ujumbe ambao mwili unausikia vizuri sana, na baada ya wiki tatu au nne mama anaanza kusema "maziwa yangu yamekauka". Majirani nao wataleta sababu zao: kakasirishwa, kalala chini ya feni, kuna mtu kamtazama vibaya. Hakuna aliyemtazama. Kilichotokea ni kwamba kati ya saa moja na nusu asubuhi na saa kumi na moja na nusu jioni hakuna aliyeyatoa.

Njia ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni ile ya titi kujaa na kukataa kupungua. Linakuwa gumu, sehemu moja inakuwa na moto, na ngozi inawiva wekundu, ingawa kwa ngozi zetu nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona na ni afadhali kugusa kuliko kutazama. Mama akianza kutetemeka na kupata homa, huo ni uvimbe wa titi, na hapo ni hospitali. Wengi huacha kunyonyesha titi hilo kwa hofu, na ndilo kosa, kwa kuwa dawa ya kwanza ni kuendelea kuyatoa maziwa. Dada yangu alifika huko katika wiki ya tano. Alilazimika kukaa nyumbani siku nne. Shefu anayehesabu dakika na ahesabu siku hizo pia.

Kinachozuia yote haya ni kazi ya dakika ishirini au thelathini, mara mbili kwa siku, na kwa mikono mitupu. Naieleza kwa kirefu kwa sababu nimegundua kwamba hata wanawake wengi hawajaonyeshwa. Mama ananawa mikono kwa sabuni. Anakaa, anaegemea, anatulia, maana maziwa hayashuki kwa mtu mwenye hofu. Wengi husaidiwa na kutazama picha ya mtoto au kunusa kitambaa chake. Anapapasa titi polepole kuelekea kwenye chuchu. Kisha anaweka kidole gumba juu na vidole vingine chini, vikiwa nyuma kidogo ya ile duara nyeusi na si kwenye chuchu yenyewe. Anasukuma kuelekea kifuani, anabana, anaachia. Anasukuma, anabana, anaachia. Mwanzoni ni matone, baadaye ni michirizi. Yakipungua anazungusha vidole upande mwingine, kisha anahamia titi la pili. Isiume, ikiuma vidole vimekaa vibaya. Maziwa yanaingia kwenye kikombe au chupa yenye mfuniko iliyochemshwa nyumbani. Mtoto wa miezi mitatu hunywa kama mililita 80 hadi 120 kwa mlo, kwa hiyo mikamuo miwili mizuri kazini inamtosha yaya kesho yake kwa sehemu kubwa ya mchana, akimnywesha kwa kikombe kidogo, polepole, na si lazima chupa ya chuchu ambayo ni shida kuiosha.

Maziwa hayo yanakaa salama saa nne tu mahali penye joto la kawaida la nyuzi kama 25, na mchana wa Bujumbura mara nyingi unapita hapo. Kwenye friji yanakaa siku nne. Umeme wetu unakatika, kila mtu anajua, kwa hiyo friji peke yake haitoshi. Kuna kile kisanduku cha baridi kama wanachobebea chanjo, chenye vipande vya barafu, na humo yanakaa siku nzima na kusafiri hadi Kanyosha bila kuharibika.

Sasa hesabu vitu nilivyovitaja: mlango unaofungwa kwa ndani, kiti chenye mgongo, meza ndogo, maji na sabuni, kisanduku cha baridi. Basi. Dada yangu hakuwa na hata kimoja, akakamulia chooni. Choo chenyewe kilikuwa kimoja, cha ofisi nzima, wanaume kwa wanawake. Alisimama, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa isipokuwa penyewe, akikamua kwa mkono mmoja na mwingine ukiwa umeshika mlango wenye kitasa kibovu, mtu akigonga kila baada ya dakika tatu. Na yale maziwa akayamwaga. Hakuweza kuyaweka popote, na hata angeweza, nani atampelekea mtoto kitu kilichotoka chooni? Hakuna mfanyakazi wa ofisi ile ambaye angekubali kula chapati yake mle ndani. Mtoto wake wa wiki kumi na tano akaanza kupewa uji wa Musalac uliotiwa maji mengi, na wiki iliyofuata akaharisha. Sisemi ni ofisi iliyomharisha. Nasema mpangilio wa siku ndio uliouleta uji ule mapema, na mpangilio huo una mwenyewe.

Nitajibu pingamizi tatu ninazozisikia mara nyingi, na nitaanza na ile inayosemwa na wazee wetu, kwa kuwa inastahili heshima. Wanasema: mama zetu walinyonyesha na kulima, hawakuomba chumba. Ni kweli, na ndilo jambo ninalotaka tuliangalie vizuri. Mama aliyelima alikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto akilia, mama aliketi chini ya mgomba, akamgeuza mbele, akamnyonyesha, akamrudisha mgongoni, akashika jembe. Hakuna aliyemwandikia barua ya onyo. Shamba lilikuwa mahali pa kazi na mahali pa kunyonyeshea kwa pamoja. Ofisi ndiyo iliyovitenganisha viwili hivyo: imemchukua mama na kumwacha mtoto langoni. Anayemtaja bibi yake shambani kama hoja dhidi ya chumba anatoa ushahidi kwa upande wetu.

Pingamizi la pili ni kwamba nafasi haipo. Hapa ndipo naomba msomaji azikumbuke zile nyumba za Mutanga Nord. Ofisi nyingi za mtaa huu zilijengwa ziwe makazi. Zina vyumba vya kulala, zina stoo, zina kile kijumba cha nyuma. Katika ofisi ya dada yangu, kijumba cha nyuma kina vyumba viwili: kimoja ni cha mlinzi, na kingine kina printa mbili zilizokufa, matairi, na maboksi ya karatasi za mradi uliokwisha. Kina dirisha, mlango na kitasa kizima. Bomba la maji liko hatua sita kutoka hapo. Nilikiona mwenyewe nilipompelekea dada dawa. Sitaki kusikia kwamba nafasi haipo kutoka kwa mtu aliyezitengea nafasi printa zilizokufa.

Pingamizi la tatu ni la wafanyakazi wenzake, na hili silidharau. Wanasema, akiwa nje nusu saa mara mbili kwa siku, sisi ndio tunaobeba kazi yake. Lakini mtu anayekwenda Kanyosha hukosekana saa tatu. Anayekwenda chumba cha nyuma hukosekana dakika ishirini na tano, kwa saa inayojulikana, tuseme saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, na mapokezi yanaweza kupangwa kuizunguka. Mlalamikaji mwenye akili angekuwa wa kwanza kuondoa zile printa.

Wapo pia wanaosema maziwa ya kopo yapo dukani. Hao wayanunue wao kwa mshahara wa karani, wachemshe na maji, kisha tuzungumze.

Je, jambo hili linaweza kuwekwa kwenye sheria kwa maneno yanayoshikika? Majirani zetu wamejaribu. Tanzania, katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, imemruhusu mama kumnyonyesha mtoto wakati wa kazi hadi saa mbili kwa siku. Ni mara mbili ya saa yetu, na ni jambo zuri, lakini bado ni muda bila mahali. Kenya ndiyo iliyovuka mstari. Sheria yake ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka kila mwajiri aweke kituo cha kunyonyeshea mahali pa kazi, na haikuishia kwenye neno "kituo". Imetaja vifaa: pa kunawia mikono, friji au kifaa cha kupoza, soketi ya umeme kwa wenye pampu, meza ndogo, viti vya starehe. Imesema waziwazi kwamba kituo hicho kisiwe chooni. Imekataza maziwa ya kopo kutangazwa au kuuzwa humo. Na kuhusu muda, imesema kwamba mapumziko ya kunyonyesha ni mbali na yale ya chakula, kwamba dakika za kutembea kwenda na kurudi kituoni zimo ndani yake, na kwamba yanahesabiwa kuwa kazi yenye malipo ilimradi jumla isizidi saa moja kwa kila saa nane za kazi. Saa ileile moja! Tofauti ni kwamba saa ya Kenya ina mlango, na mtu anayeisoma anaweza kwenda na karatasi mkononi, akauliza: soketi iko wapi?

Sheria nzuri nayo haijijengi. Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleikha Hassan, mbunge mwakilishi wa wanawake wa kaunti ya Kwale, aliingia kwenye ukumbi wa Bunge la Kenya akiwa amembeba mtoto wake wa miezi mitano. Alipata dharura, hakuwa na wa kumwachia. Christopher Omulele, aliyekuwa ameketi kitini pa spika, akamwamuru atoke, kwa kuwa kanuni haziruhusu mgeni ukumbini. Mtoto wa miezi mitano alihesabiwa kuwa mgeni. Wabunge wanawake kadhaa wakatoka naye. Akiwa nje aliwaambia waandishi kwamba kama bungeni pangekuwa na mahali pa kumweka mtoto, asingeingia naye ukumbini. Hilo ndilo bunge lililokuwa limeipitisha sheria ile miaka miwili kabla. Wako wanaokitumia kisa hiki kusema kwamba sheria hizi ni karatasi tu. Mimi nakisoma kinyume. Mbunge yule aliweza kusimama mbele ya kamera na kudai mahali, na hoja ikaeleweka nchi nzima ndani ya siku moja, kwa sababu wazo kwamba mahali pa kazi panadaiwa chumba lilikuwa limeshaandikwa. Dada yangu hana sentensi ya namna hiyo ya kushika. Anayo saa tu.

Ninachodai basi ni kifupi. Pale sheria yetu ya kazi inapotaja mapumziko ya kunyonyesha, iongezwe sentensi moja juu ya mahali: chumba au pembe iliyozibwa, inayofungwa kwa ndani, yenye kiti, meza, maji ya kunawa na chombo cha baridi, isiyokuwa choo. Isiwe "pale inapowezekana", kwa sababu maneno hayo mawili ndiyo yaliyotulea tulivyo. Kwa mwajiri mwenye wafanyakazi wawili, pembe yenye pazia zito na kitasa cha chumba chake mwenyewe kwa dakika ishirini na tano inatosha. Mkaguzi wa kazi akifika asiulize "mnawapa saa?" kwa maana jibu lake litakuwa ndiyo kila mara. Aombe kuonyeshwa chumba, na aguse kile kisanduku kama kina baridi.

Wakati sentensi hiyo ikisubiriwa, mama asisubiri siku ya kurudi ndipo aulize. Siku ya kurudi kila mtu ana haraka na mama mwenyewe ana machozi karibu. Barua iandikwe mwezi mmoja kabla, nakala ibaki nyumbani, nayo itaje chumba kwa jina, "chumba cha pili cha nyumba ya nyuma", na itaje saa mbili za kukamua, na mwezi ambao mpango huo utakwisha. Kumkatalia mtu chumba alichokitaja na ambacho kila mmoja anajua kina matairi ni kazi ngumu zaidi kuliko kumpuuza anayeomba "msaada".

Limebaki jambo moja ambalo hata sheria ya Kenya naona haifiki kwalo vizuri, na Mutanga Nord inalijua kuliko mitaa mingi. Sehemu kubwa ya wanawake wanaofanya kazi nyuma ya nyuzio zile si makarani. Ni mayaya na wapishi. Kuna yaya anayemnywesha mtoto wa tajiri yake maziwa yaliyokamuliwa ofisini na kubebwa kwenye barafu kwa uangalifu wote niliousifu hapo juu, huku mtoto wake mwenyewe wa miezi minne akiwa amebaki kwa bibi yake, mkoani. Hana mkataba wa maandishi, hana saa yoyote, na mahali pake pa kazi ni nyumba ya mtu. Kwake yeye chumba kipo tayari, ndicho anacholala. Anachonyimwa ni mtoto kuwa ndani ya lango. Nimewauliza mama watatu wa mtaa huu, wote wasomi, wote walionyonyesha, kama wangemruhusu yaya aje na mtoto wake kwa hiyo miezi sita ya mwanzo. Mmoja alicheka. Wa pili akasema atafikiria. Wa tatu akaniuliza: "Sasa atamlea wangu saa ngapi?"